Uso Mweupe, Mikono ya Kahawia: Kurudisha Rangi ya Bibi Harusi Pichani

Fungua albamu yoyote ya harusi iliyofanyika usiku, katika ukumbi wowote wa Dar es Salaam au Mombasa, na kabla ya ukurasa wa kumi utaikuta picha hii. Bibi harusi ameketi meza kuu, shada la maua mapajani, mikono imelala juu yake. Mikono ni ya kahawia iliyoiva, na shingo inafanana nayo. Uso lakini ni mweupe unaoelekea ujivu, na unakatika ghafla chini ya taya kana kwamba umebandikwa. Ukumbini hakuna aliyeona tofauti hiyo. Wote walisema amependeza, nao hawakumdanganya.

Lawama huangukia kwa mpambaji, naye humtupia mpiga picha. Mara nyingi wote wawili wanahusika, na anayetaka kuirekebisha picha lazima kwanza ajue nani amechangia nini, maana dawa ya faundesheni isiyolingana na ngozi si dawa ya flashi, na ukizichanganya unaharibu zaidi.

Tuanze na kinachotokea usoni. Poda nyingi za kumalizia mekapu zina silika, unga mwepesi unaofanya ngozi ionekane laini. Faundesheni na krimu nyingi zenye kinga ya jua zina titani dioksaidi au zinki oksaidi, ambazo ni rangi nyeupe zenyewe. Kwenye mwanga wa kawaida, unaotoka pande zote, chembe hizi hazionekani. Flashi iliyofungwa juu ya kamera, karibu kabisa na lenzi, hupiga chembe hizo moja kwa moja, nazo huurudisha mwanga kule kule ulikotoka, yaani kwenye lenzi. Mwanga huo haukuingia ndani ya ngozi, kwa hiyo haukuchukua rangi yake. Ni mweupe, na unatandaza utando mweupe juu ya uso mzima.

Utando huo huwaumiza zaidi watu weusi, na sababu yake ni ya hesabu tu. Tone la maziwa likidondoka kwenye chai ya rangi, rangi inabadilika papo hapo. Likidondoka kwenye chai ya maziwa, hakuna anayejua. Uso mweupe ukiongezewa kiasi fulani cha mwanga mweupe hubadilika kidogo sana. Uso wa kahawia ukiongezewa kiasi kile kile hupoteza ukahawia wake na kubaki na ujivu. Ndiyo maana ushauri wa mekapu ulioandikwa kwa ajili ya ngozi za Ulaya haumsaidii sana bibi harusi wa kwetu.

Sababu ya pili ni faundesheni yenyewe kuwa nyepesi kuliko ngozi. Mwanamke amechagua rangi kwa kupaka mgongoni mwa kiganja, chini ya taa za duka, au mpambaji ameamua kumng'arisha kidogo kwa sababu ni siku yake. Hapa hata bila flashi uso ungetofautiana na shingo, ila macho ya watu ukumbini husamehe kile ambacho kamera haisamehi.

Ya tatu haihusiani na mekapu hata kidogo. Flashi hutoa mwanga unaokaribia ule wa jua la mchana, lakini balbu za ukumbini huenda zikawa za njano, na siku hizi kuna taa za zambarau na za buluu zinazozunguka nyuma ya jukwaa. Flashi huufikia uso vizuri, halafu mikono iliyo chini, nyuma ya shada au ukingo wa meza, ikabaki kutegemea taa za ukumbi. Uso unapata rangi ya flashi, mikono inapata rangi ya balbu. Ngozi ni ile ile. Mianga ndiyo miwili.

Utajuaje ni ipi kati ya hizo? Mtu wa kuulizwa kwanza ni gauni. Gauni la harusi jeupe limepita karibu na uso kwenye shela, likashuka begani, likafika kwenye mkono wa lesi hadi karibu na kiganja. Halikupakwa poda. Kama lesi ya karibu na mikono imekuwa ya njano wakati shela la karibu na uso ni jeupe, basi mianga imetofautiana. Kama gauni ni jeupe kote na bado uso na mikono vinapingana, basi tatizo limekaa usoni. Kipimo hiki ni cha bure, na nashangaa jinsi wahariri wengi wa picha wanavyokiruka na kukimbilia kuupaka uso rangi.

Jicho pekee halitoshi kwa kazi hii, kwa sababu jicho huzoea. Ukiitazama picha kwa dakika tano, ujivu unaanza kuonekana kuwa sawa. Kwa hiyo soma namba. Kila nukta ya picha ya kidijitali ina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Kwenye Photoshop utaziona katika paneli ya Info ukiweka alama kwa kifaa cha Color Sampler Tool. Weka Sample Size iwe 5 by 5 Average, ili usisome kinyweleo kimoja au punje moja ya mng'ao.

Ngozi ya binadamu, iwe nyeupe au nyeusi tii, katika mwanga wa kawaida huwa na nyekundu nyingi kuliko kijani, na kijani nyingi kuliko buluu. Kinachobadilika ni umbali kati ya namba hizo. Ngozi ya kahawia ina buluu ndogo sana ikilinganishwa na nyekundu yake. Utando mweupe unapoingia huziinua namba zote tatu, na ile iliyokuwa ndogo kuliko zote, yaani buluu, ndiyo inayoonekana kupanda zaidi kwa uwiano. Basi ukiona uso ambao buluu yake imeikaribia nyekundu, huku mikono ikiwa na pengo kubwa, umeukuta utando.

Tuchukue picha ya namna hiyo na tuifanyie kazi hatua kwa hatua. Ni bibi harusi mezani, kama nilivyomweleza mwanzoni. Shavu lake, mahali pasipong'aa, linasoma nyekundu 204, kijani 168, buluu 152. Mgongo wa mkono unasoma 146, 98 na 73. Kifua, juu ya ukingo wa gauni ambako mpambaji hakufika, kinasoma 156, 107 na 81. Halafu gauni: karibu na bega 236, 232, 228, karibu na kiganja 214, 209, 203.

Namba za gauni zinasema mambo mawili. Kwanza, sehemu zote mbili namba tatu zinakaribiana, kwa hiyo mwanga ni mweupe juu na chini. Balbu za njano hazina kesi hapa. Pili, mwanga umepungua kidogo ulipofika mikononi, kutoka 236 hadi 214, yaani kama sehemu moja ya kumi. Ingekuwa mwanga peke yake ndio uliotenganisha uso na mikono, nyekundu ya mkono ingekuwa karibu 185. Ni 146. Tofauti iliyobaki imeletwa na poda na faundesheni. Tazama pia buluu ya uso: ni robo tatu ya nyekundu yake, wakati mkononi ni nusu tu. Hiyo ndiyo sura ya utando mweupe.

Sasa inakuja hukumu ambayo haipimwi na paneli yoyote: tupeleke uso kwenye mwili, au mwili kwenye uso? Wateja wengi huomba mikono ing'arishwe. Mimi nasema uso ushuke. Mikono, kifua na masikio ndivyo vilivyobaki na rangi ya mwenyewe, navyo vipo kwenye picha zote za siku ile, pamoja na zile za asubuhi zilizopigwa kwa mwanga wa dirisha. Ukiing'arisha mikono hapa, ukurasa unaofuata utakusuta. Isitoshe, kung'arisha sehemu iliyo gizani huamsha chengachenga, hufifisha hina, na kingo za vidole huanza kumezwa na gauni. Uso uliopata mwanga mwingi una taarifa za kutosha kustahimili kushushwa.

Kielelezo kitakuwa kifua, kwa kuwa kiko karibu na uso na kimepata karibu mwanga ule ule. Uso hutangulia kidogo kuangaza, hivyo tuupeleke juu kidogo ya kifua: nyekundu 164, kijani 114, buluu 87. Usichukue rangi chini ya kidevu, kwa sababu pale pana kivuli. Usiichukue kiganjani, ambako watu weusi wana ngozi nyepesi, wala kwenye vifundo vya vidole, ambavyo kwa wengi ni vyeusi kuliko sehemu nyingine ya mkono, wala penye hina. Mahali salama pa mkono ni mgongo wake, kati ya kifundo na vidole.

Ongeza tabaka la marekebisho la Curves juu ya picha. Usifanye kwenye picha yenyewe, maana utataka kurudi nyuma. Ndani ya Curves chagua Red, weka nukta kwenye mstari, na katika visanduku vyake andika Input 204, Output 164. Nenda Green, andika 168 na 114. Nenda Blue, 152 na 87. Picha nzima itageuka ya kahawia iliyokolea, gauni likiwemo, usishtuke. Tabaka hilo lina kisanduku cheupe pembeni, Layer Mask, kinachoamua marekebisho yaonekane wapi. Kibofye, kisha bonyeza Ctrl+I, kiwe cheusi. Marekebisho yote yanatoweka.

Hapo ndipo kazi ya mkono inapoanza. Chukua brashi kubwa yenye Hardness 0% na Flow kama 10%, rangi nyeupe, na upake uso polepole, mara nyingi, kuanzia katikati ya shavu kuelekea nje. Ruka macho, meno na midomo. Weupe wa jicho ukishushwa namna hii hugeuka wa njano, na bibi harusi anaonekana mgonjwa. Simama kwenye masikio, kwa kuwa poda haikuyafika, na ukiyapaka yatakuwa meusi kuliko uso. Kwenye ukingo wa nywele acha rangi ififie yenyewe. Kwenye taya ingia kidogo chini ya mstari ambapo faundesheni iliishia, lakini kivuli cha kidevu kiache. Watu wengi huona shingo ina giza na kutaka kuisawazisha na uso. Wakimaliza, kichwa kinaonekana kuelea, kwa sababu kivuli ndicho kinachokiweka juu ya mabega.

Baada ya kupaka utagundua ncha ya pua na paji la uso vinawaka kuliko mwanzo. Hilo si kosa la mkono wako. Umeushusha wastani wa uso huku ukiacha mwisho wa juu wa mstari palepale, kwa hiyo pengo kati ya shavu na mng'ao limepanuka. Pua iliyosoma nyekundu 244 ilikuwa juu ya shavu kwa 40. Sasa, mstari ukiwa umenyooka hadi juu, iko juu kwa karibu 70. Rudi kwenye Red, ongeza nukta ya pili yenye Input 244 na Output kama 214, kisha fanya vivyo hivyo kwa Green na Blue kwa kutumia namba ulizosoma kwenye ncha ya pua. Mng'ao utatulia bila kufa. Usiufute kabisa, uso usio na mng'ao wowote ni wa udongo.

Mwisho punguza Opacity ya tabaka hadi kama 80%. Shavu sasa litasoma karibu 172, 125 na 100. Halijafika kifuani kabisa, na sikutaka lifike. Huyu ni mwanamke aliyepambwa, amelipia mekapu, na picha inapaswa kuonyesha kwamba amepambwa. Tunachoondoa ni ule mpaka unaoutenga uso na mwili wake.

Kazi hii ina mipaka. Ikiwa paji la uso linasoma 255 katika namba zote tatu, hapo hakuna ngozi iliyorekodiwa. Ni weupe mtupu, na Curves ikiushusha utapata baka la kijivu. Faili ghafi la kamera, lile linaloitwa RAW, mara nyingi huwa na kitu kilichosalia, hivyo mwombe mpiga picha kabla hajalifuta. Likikosekana, tengeneza tabaka jipya, libadilishe mtindo wake uwe Color, chukua rangi ya shavu lililokwisha rekebishwa na upake kidogo sana juu ya baka. Rangi itarudi kwa kiasi kwenye kingo zake, lakini katikati ya weupe mtupu hata hiyo haitashika, na vinyweleo vya ngozi havitarudi. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida nayo imeshabanwa, na mashavu yake hukatika mabakamabaka ukiyavuta. Itumwe kwa kuchagua Document, ije ilivyo.

Na kama gauni limesema kuwa mianga ni miwili? Basi uache uso, ushughulikie sehemu ya chini. Ongeza tabaka la Curves, chagua kitone cha kijivu cha kusawazisha rangi, bofya lesi nyeupe iliyo karibu na mikono mahali ambapo haijaungua, kisha tumia brashi ile ile kuonyesha marekebisho mikononi na kwenye gauni la hapo chini. Ikiwa ni taa ya zambarau iliyopiga shavu upande mmoja, mara nyingi nafuu ni kuiacha kama ilivyo. Mtazamaji anaiona taa nyuma na anaelewa. Mwanga wa zambarau ulioondolewa nusunusu huacha doa linalofanana na jeraha.

Kwa mwenye simu tu, Snapseed inaweza kufika mbali. Fungua Selective, gusa shavu, bana vidole viwili hadi eneo jekundu lifunike uso bila kufika kwenye gauni. Punguza Brightness kwanza, kisha ongeza Saturation kidogo. Usiishie kwenye giza tu, maana utando mweupe ulipunguza rangi pamoja na kuongeza mwanga. Ukishusha mwanga peke yake unabaki na ujivu mzito. Weka alama nyingine kwenye paji na kidevu ikihitajika. Haitakuwa safi kama kazi ya brashi, lakini mpaka wa taya utalainika vya kutosha kwa picha ya kuweka kwenye hadhi.

Ukimaliza, ipunguze picha hadi iwe na ukubwa wa stempu. Kwa ukubwa huo huoni kope wala lesi. Unaona madoa matatu tu, uso, shingo na mikono. Yakionekana ya mtu mmoja, umefaulu. Igeuze kulia kushoto uitazame tena, halafu iache hadi kesho. Itazame pia kwenye simu ya kawaida, na kabla ya kuchapa albamu nzima chapisha moja ya majaribio, kwa kuwa karatasi mara nyingi huikoleza ngozi nyeusi kuliko kioo.

Kuna tofauti moja ambayo mhariri hapaswi kuigusa bila kuulizwa. Si kila uso uliotofautiana na mikono umetofautishwa na poda. Kuna ambao jua limewachoma uso kwa miaka ya kazi, kuna wenye mabaka ya ugonjwa wa ngozi, na kuna ambao mkorogo umeacha uso mweupe na vifundo vyeusi. Hiyo ni miili yao, wanaijua. Muulize mwenyewe kwa faragha anapenda aonekaneje, si mama mkwe wala kamati.

Nawe unayejiandaa kwa harusi, usisubiri mhariri. Faundesheni ijaribiwe kwenye taya hadi shingoni, karibu na dirisha, na usubiri dakika kadhaa kabla ya kuamua, kwa sababu nyingine hubadilika rangi zikikauka. Mwambie mpambaji apunguze poda nyeupe na ashushe mekapu hadi kifuani kama gauni liko wazi. Kisha, kabla hujanyanyuka kwenye kiti cha saluni, omba taa zizimwe, inua mikono yako kando ya mashavu, na mtu akupige picha moja kwa flashi ya simu. Kama uso umetoka mweupe na mikono haikubadilika, poda ifutwe pale pale. Mpiga picha naye aelekeze flashi yake kwenye dari jeupe au ukuta mweupe badala ya kukulenga usoni, nusu ya kazi niliyoieleza hapa haitahitajika.